Amefariki, ametutoka, ametangulia, amepumzika: lipi umwandikie aliyefiwa, na kila moja analisikiaje

Rafiki yangu mmoja alifiwa na mdogo wake wa kiume, ajali ya pikipiki, kijana wa miaka 24. Kama wiki mbili baadae nimekaa nae akanipa simu yake akasema hebu nisomee hizi meseji, mi zimenishinda. Zilikuwa za pole, nyingi mno, nikaanza kusoma kwa sauti na yeye kila moja anasema "endelea" au ananyamaza tu. Nikafika kwenye moja ilosema "sisi tulimpenda ila Mungu amempenda zaidi". Akaniambia simama hapo kwanza. "Zaidi ya nani? Zaidi ya mama?"

Mimi siku zote nilidhani haya maneno ni kitu kimoja, yaani unachagua lolote ilimradi usiseme "amekufa". Kumbe yeye kila neno alikuwa analisikia kivyake, na mengine yalikuwa yanamwambia vitu ambavyo aliyeandika hakuvikusudia kabisa. Tangu siku ile kabla sijatuma pole naangalia mambo mawili tu. La kwanza, kwenye hiyo sentensi mtendaji ni nani, maana kwenye mengi ya haya maneno kuna mtu anafanya kitu: kuna maneno ambayo marehemu ndo anaondoka, kuna ambayo Mungu ndo anachukua. La pili, huyu mtu akishaisoma atanijibu nini. Watu wengi hili la pili hawaliwazi, wakati yule mtu ana meseji mia hazijasomwa na hana nguvu hata ya kuandika "asante".

Amekufa au amefariki

"Amekufa" sio tusi. Shida yake ni kwamba tunalitumia kwa kila kitu, kuku kafa, betri imekufa, injini imekufa, kwa iyo ukimwandikia mtu "nimesikia mama yako amekufa" ni kama umemweka mama kwenye fungu moja na betri. "Amefariki" linakwepa hilo. Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu na shina lake ni la kuachana, ndo hilo hilo lililotupa faraka na kufarakana, na ukilitaka kamili ni "kufariki dunia", yaani mtu na dunia wameachana. Halisemi kwa nini, halisemi kaenda wapi, halimtaji Mungu, halidai kwamba wewe ulimjua. Kama humfahamu vizuri aliyefiwa, hujui dini yake, hujui kifo kilikuaje, andika "amefariki" na hutakosea.

Ila lina baridi. Ni neno la taarifa ya habari na la barua za ofisini. Ukiliwekea na "nimepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za kufariki kwa" basi umeshaandika barua, bado muhuri tu. Kwa bosi wako sawa, kwa rafiki uliyekua nae atajiuliza huyu kaanza lini kuongea hivi na mimi.

Halafu kuna hali moja inawachanganya watu: aliyefiwa mwenyewe anakuandikia "mama kafa". Wengi hapo wanakimbilia kupamba, "oh pole, kumbe mama ametangulia mbele ya haki". Usifanye hivo. Yeye kachagua neno lake zito makusudi, au hakuchagua kabisa, limemtoka tu, na wewe ukimrudishia neno lililopakwa rangi ni kama unamsahihisha. Si lazima ulirudie lake. Ruka, andika "pole sana, niko njiani" au lolote lisilohitaji kutaja kifo mara ya pili.

Ametutoka na ameaga dunia

Haya mawili watu wanayabadilishana kama ni kitu kimoja lakini hayafanani.

Kwenye "ametutoka" kila kitu kiko kwenye hiyo "tu" katikati. Sisi. Unajiingiza kwenye msiba. Kama kweli ulikuwa mtu wa karibu, ni neno zuri kuliko yote, linamwambia aliyefiwa kwamba pengo hili hulibebi peke yako, na mimi limenipata. Kama hujawahi kumwona huyo marehemu hata siku moja, hiyo "tu" ni ya kuazima, na mfiwa anaijua. Rafiki yangu kwenye zile meseji aliniuliza kabisa, "huyu nae kamtoka wapi?" Kwa mtu wa mbali "amekutoka" pia sio suluhisho, maana hapo sasa inasikika kama kamtoroka.

Na kutoroka ndo tatizo la pili la neno hili. Kutoka ni kwa miguu, mtu anatoka kwa kutaka. Mtoto wa miaka sita akiambiwa "baba ametutoka" anachosikia ni kwamba baba kaondoka, na swali linalofuata ni anarudi lini au alikasirika nini. Kwa watoto hilo neno lisitumike kabisa, na "amelala" lisitumike hata zaidi, maana kesho yake usiku utamlazaje?

"Ameaga dunia" lenyewe linampa marehemu tendo la heshima, kusimama mlangoni na kusema kwaheri. Kwa mzee aliyewaita wanawe akawausia, akafumba macho, limekaa penyewe kabisa. Kwa ajali halikai. Kijana katoka asubuhi kwenda kazini, kamuaga nani? Kuna mtu mwingine ninayemfahamu alikuwa kwenye basi anamuwahi mama yake hospitali, hakumkuta, na mtu akamwandikia "mama ametuaga". Jibu lake lilikuwa "mi hakuniaga", na hapo maongezi yakaisha. Aliyetuma hakuwa na kosa lolote la nia, neno tu ndo limemkanyaga mtu pale pale panapouma. Kwa kifo cha ghafla kaa na "amefariki" au "tumempoteza". Hili la kupoteza lina "tu" yake pia na masharti ni yale yale, ila angalau halisemi kwamba marehemu alichagua.

Ametangulia

Urefu wake ni "ametangulia mbele ya haki". Wengi wanasikia mahakama hapo, kana kwamba mtu kaenda kusomewa mashtaka, ila Haki kwenye huo usemi ni Mungu mwenyewe, Al-Haqq ni moja ya majina yake kwa Waislamu, na siku hizi usemi unatumiwa na watu wa dini zote bila kuwaza. Sawa, haina neno.

Kinachofanya kazi kwenye "ametangulia" ni foleni. Kutangulia maana yake wapo wanaofuata, na wanaofuata ni mimi na wewe. Ukimwandikia mzee aliyefiwa na mwenzake waliyeishi pamoja miaka arobaini, hilo linamfariji kweli, nimeona wazee wanalisema wenyewe, "katangulia, na mi nafuata". Ila mwandikie mama aliyemzika mwanae halafu uone. Mtoto ametangulia? Kwani foleni ilikuwa hivo? Kilichomvunja huyo mama ndo hicho hicho, kwamba mpangilio umegeuka, na wewe umemwandikia kwa neno ambalo kazi yake yote ni kutaja mpangilio. Na rafiki yangu ni dada mkubwa, kwa iyo kila "ametangulia" niliyosoma alikuwa anakunja uso.

Amepumzika

Hili nalionea mashaka kuliko wengi wanavyolionea, na najua kuna watakaobisha.

Kupumzika ni baada ya kazi au mateso, kwa hiyo kwanza kwa kifo cha ghafla halina maana, kijana wa miaka 24 alikuwa amechoka nini. Hilo ni rahisi kuliona. Gumu zaidi ni pale linapoonekana kufaa: mtu kaugua miaka mitatu, maumivu, kitanda, kila mtu anasema bora apumzike. Ni kweli pengine, lakini yule aliyekuwa anamuuguza, aliyekuwa anaamka saa nane za usiku kumgeuza, akisikia "sasa amepumzika" anaweza kusikia "sasa umetua mzigo". Na akili yake ina hatia tayari, maana kuna usiku aliomba yaishe. Wengine wanaongezea kabisa "na wewe sasa utapumzika", hapo ndo umemalizia.

Ninachofanya mimi namwacha yeye aliseme kwanza. Akiandika "angalau amepumzika", namjibu kwa neno hilo hilo, "ndio, amepumzika, na ulimtunza". Asipolisema silisemi. Uamuzi wa kwamba kifo kilikuwa afadhali ni wa yule aliyeuguza, sisi wa nje hatuna kura.

"Pumzika kwa amani" nalo, ukiliangalia, halimwambii mfiwa chochote, unaongea na marehemu. Kwenye picha ya marehemu uliyoweka stetasi, sawa. Ila kumtumia mtu inboksi yake "pumzika kwa amani mama" ni kumpita mwenye msiba kaketi mlangoni na kwenda kusalimia ndani.

Pale Mungu anapokuwa mtendaji

Hapa ndo penye meseji nyingi na hapa ndo panapoumiza: Mungu amempenda zaidi, ametwaliwa, ameitwa, amemchukua malaika wake, ahadi yake imefika, kazi ya Mungu haina makosa. Sisemi dini isiingie, mtu wa imani anataka kusikia imani. Ila haya hayako sawa.

"Ameitwa" na "ahadi yake imefika" ni mepesi, yanasema muda ulikuwa umepangwa. "Mungu amempenda zaidi" linaweka mashindano ya mapenzi na mfiwa ndo kashindwa. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni zito zaidi kwa sababu linafunga mjadala. Fikiria mtu ambaye ana uhakika kabisa kwamba dereva alikuwa amelewa, au kwamba mgonjwa alikaa masaa manne bila kuangaliwa. Makosa yalikuwepo, anayajua, anataka kuyasema, na wewe unamwambia hakuna makosa. Akibisha anakuwa kama anabishana na Mungu. Kwa iyo ananyamaza.

Na kuna kitu nilikuja kukiona nikirudi kwenye maandiko yenyewe. "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe", kila mtu analituma, lakini aliyelisema ni Ayubu, na Ayubu ndo aliyefiwa. Ni Ayubu 1:21, kapoteza watoto kumi siku moja. Wale rafiki zake waliokuja kumpa pole, sura inayofuata, 2:13, walikaa nae chini siku saba mchana na usiku na hakuna aliyemwambia neno. Matatizo yao yalianza walipofungua mdomo kueleza sababu. Na "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" vivyo hivyo, Al-Baqara 2:156, aya inasema ni maneno ya wale ambao ukiwapata msiba husema hivyo, yaani msemaji ni mwenye msiba. Tofauti ni kwamba hili liko kwenye "sisi", sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea, kwa hiyo ukiliandika unajiweka na wewe ndani, humsomei mwenzio somo. Ndo maana linapita vizuri hata likitoka kwa mtu wa mbali. Lile la Ayubu likitumwa na mtu ambaye kwake hakijatwaliwa kitu lina ukakasi kidogo.

Sasa "Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi" tunalicheka kwa sababu kila mtu analikopi, lakini kwenye kipimo changu cha pili linashinda karibu yote. Ni dua. Mtendaji ni Mungu lakini kwa kuombwa, hasingiziwi kwamba kafanya jambo fulani kwa sababu fulani. Na jibu lake lipo tayari, ni neno moja: Amina. Rafiki yangu zile ndo alizozijibu zote, amina, amina, amina, bila kuchoka. Angalizo moja, usije ukaleta ubunifu ukaandika "Mungu amuweke anapostahili". Masikioni mwa watu hiyo sio dua, ni kijembe, unasema unajua anapostahili na sio peponi. Nimeona grupu zima la ukoo likichafuka kwa hiyo sentensi moja.

Marehemu, na ile mimba "iliyoharibika"

"Marehemu" ni neno jema, ni aliyerehemewa, limetoka kwenye rehema. Ugumu wake ni kasi. Asubuhi mtu ana jina, saa sita mchana ni "marehemu" na "mwili". Mfiwa hajafika huko. Siku za kwanza andika jina lake kama ulivyokuwa unamwita, na kama ulikuwa unamwita Mama Fulani muite hivo hivo. "Hayati" acha kwa viongozi na hotuba.

Kuna msiba mmoja ambao maneno yetu ya adabu ni mabaya kuliko yasiyo ya adabu, nao ni wa mtoto aliyefia tumboni au mimba iliyotoka. Tunasema "imeharibika", kama maziwa. Wengine "imetoka", halafu juu yake "mtapata mwingine". Yule mama alikuwa na mtoto, pengine na jina ameshalichagua. Msikilize anavyosema yeye. Akisema "mwanangu", basi ni mwanawe, mwandikie "pole kwa kufiwa na mwanao". Akisema "mimba" usimpandishie.

Kwa hiyo lipi

Neno ninalolipenda kuliko yote liko hapo juu na wala sio neno la kumhusu marehemu. Ni "umefiwa". Kufa, kufia, kufiwa. Maneno yote tuliyoyapitia yanaeleza marehemu kafanya nini au Mungu kafanya nini, hili peke yake ndo linamweka yule unayemwandikia mwanzo wa sentensi. Wewe, kitu hiki kimekupata wewe. Halipambi kifo, kufa kumo ndani yake waziwazi, lakini limegeukia upande wa aliyebaki. Na yule wa mbali na wa karibu wanaweza kulitumia sawa.

Nikuonyeshe kwa meseji moja niliyoisoma siku ile, nimebadili kidogo isijulikane ya nani: "Pole sana dada, nimepokea kwa masikitiko taarifa za kututoka kwa mdogo wako, ametangulia tu sote njia ni moja, Mungu amempenda zaidi na kazi yake haina makosa, jikaze na ukihitaji chochote nambie." Huyu mtu anampenda, hilo halina ubishi. Lakini hesabu: kuna "tu" ambayo haikuwa yake maana hakumfahamu kijana, kuna foleni iliyogeuka, kuna mashindano na mama, kuna mjadala uliofungwa, kuna amri ya kujikaza, na mwisho kuna kazi kapewa mfiwa, afikirie anahitaji nini halafu aandike aombe. Ningekuwa mimi ningefuta karibu yote nikabakisha: "Dada, nimesikia umefiwa na mdogo wako. Pole sana. Mungu amrehemu. Nakuja kesho saa kumi, usijisumbue kujibu." Yule ni mtu wa imani kwa hiyo dua inakaa, jibu ni amina au hakuna jibu, na ile "chochote" imekuwa saa kumi.

Na kama unalo jambo moja dogo kuhusu marehemu, la kweli, liweke hapo pa zile methali. Kwenye rundo lote lile alinisomesha meseji moja mara mbili. Ilikuwa fupi, kijana fulani aliyefanya kazi na mdogo wake, imejaa makosa ya herufi: umefiwa dada pole, Jumatatu alinirudishia chaja yangu waya kaufunga vizuri na selotepu pale ulipokuwa umekatika, usinijibu.

Nikamwona anafikiria. "Chaja gani hiyo?" akauliza. Halafu akaanza kucheka huku analia, "We, ile chaja ni yangu."